Tarehe ya Kurudi Shuleni Iandikwe Kliniki

Tarehe 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi katika shule za mfumo rasmi. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukaliweka jambo hilo katika maandishi. Kabla ya hapo, kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa kosa la kimaadili, na ujauzito ukahesabiwa kuwa miongoni mwa makosa hayo. Na mwezi Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba msichana aliyepata mimba hatarudi shuleni. Binti anayejifungua leo, basi, ana haki ambayo dada yake aliyemtangulia kwa miaka michache hakuwa nayo.

Hata hivyo, wako wasichana wengi ambao hakuna mwalimu aliyewakatalia wala mkuu wa shule aliyewafungia lango, lakini hawarudi. Ukiwauliza, jibu lao ni fupi: shule si ya mtu kama mimi. Wazazi hulichukulia jibu hilo kuwa uamuzi, na walimu hulichukulia kuwa uvivu au haya. Mhudumu wa afya anapaswa kulisikia kwa sikio jingine, kwa maana mara nyingi jibu hilo ni dalili ya ugonjwa. Sonona humfanya mgonjwa ajione hana thamani na mbele yake hakuna kitu. Mtu wa namna hiyo hata akifunguliwa mlango mara kumi, ugonjwa wenyewe humwambia kwamba hakufunguliwa yeye.

Hoja ya makala haya ni kwamba safari ya kurudi shuleni inapaswa kuanza katika kliniki ya wajawazito, miezi mingi kabla ya mtoto kuzaliwa, na kwamba kuipanga safari hiyo ni sehemu ya tiba ya akili ya binti. Leo kazi hizo mbili zimetenganishwa. Kliniki huangalia tumbo, shule husubiri mwanafunzi, na yule binti hukaa katikati bila mtu wa kumwangalia.

Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Tanzania asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata ujauzito. Utafiti uliotangulia, wa 2015 hadi 2016, ulionyesha asilimia 27. Idadi imepungua, lakini bado ni zaidi ya msichana mmoja katika kila watano, kwa hiyo mhudumu wa zahanati yoyote ya kijijini atakutana naye, tena si mara moja kwa mwaka.

Ili jambo hili lisibaki hewani, chukuliwe mfano wa binti wa miaka 16, mwanafunzi wa kidato cha pili, anayeishi Namasakata mkoani Ruvuma. Mfano huu umetungwa, lakini kila kipande chake kinafahamika kwa mkunga yeyote wa huko. Binti huyu amefika kliniki kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa Aprili, ujauzito ukiwa na wiki 21, baada ya shangazi yake kumtilia shaka. Tarehe ya makadirio ya kujifungua ni katikati ya Agosti. Baba yake hajamsemesha tangu habari ilipojulikana. Mama yake anamsemesha, lakini kwa maneno ya kazi tu: teka maji, washa moto. Rafiki zake wa darasani wameambiwa na wazazi wao wasimkaribie, kana kwamba mimba huambukiza.

Siku hiyo ya kwanza ndiyo huamua mengi, na mara nyingi huharibika kwa mambo madogo. Wajawazito huombwa waje na wenza wao ili wapimwe pamoja, na katika baadhi ya vituo aliyekuja na mwenza huhudumiwa mapema. Binti wa miaka 16 hana wa kuja naye, kwa hiyo hukaa kwenye benchi hadi wote waishe, akitazamwa. Akiingia ndani hukutana na maswali yasiyotafuta jibu: ulikuwa unakimbilia nini, hukuona wenzako wanasoma? Muuguzi anayesema hivyo huenda anadhani anamwonya. Ukweli ni kwamba onyo kwa mtu ambaye tayari ni mjamzito halizuii chochote. Kazi yake pekee ni kumfanya asirudi kliniki hadi siku ya uchungu. Kumhudumia mapema na kumweka kwenye chumba kilichofungwa mlango hakuhitaji bajeti.

Kuna jambo jingine dogo ambalo lina uzito mkubwa. Mahali panapoandikwa kazi ya mteja, iwe kwenye kadi au kwenye jalada, mkono uliozoea huandika mkulima, au mama wa nyumbani. Paandikwe mwanafunzi. Ndiyo kazi yake. Ameikatiza kwa muda, kama mwalimu aliye likizo ya uzazi, ambaye hakuna anayemwandika kuwa si mwalimu. Kadi hiyo ataibeba miezi yote ya ujauzito, ataisoma, na kila atakayempokea ataisoma.

Baada ya hapo lije suala la kumtambua aliye mgonjwa. Huzuni peke yake si sonona. Binti aliyegundua kwamba ana mimba, akagombezwa na kutengwa, atalia. Asipolia ndipo ishangaze. Sonona hutajwa pale ambapo huzuni, au kupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, imemshika sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na imeanza kumzuia kufanya shughuli zake. Ugumu ni kwamba dalili nyingi zinazofundishwa darasani, yaani uchovu, usingizi kuvurugika na chakula kutolika, huletwa pia na ujauzito wenyewe. Kwa hiyo mpimaji azipe uzito zaidi zile dalili ambazo ujauzito hauzileti: kujiona hafai, kujilaumu kupita kiasi, kukosa furaha hata jambo jema linapotokea, na kuona kesho hakuna kitu. Kabla ya kufika huko apime wingi wa damu, kwa sababu mjamzito mwenye hemoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita naye hulegea na kukosa nguvu, na huyo anahitaji tiba ya upungufu wa damu kwanza.

Umri nao hubadilisha sura ya ugonjwa. Mtu mzima mwenye sonona hulia au hulalamika kwamba anawaza sana. Kijana mara nyingi hukasirika. Hujibu kwa mkato, hugoma kula na wengine, hukaa kimya akiulizwa, na nyumbani husemwa kwamba ameota mapembe. Binti wa Namasakata ameshaitwa mwenye kiburi mara nyingi tangu Machi. Kiburi kilichoanza wiki ileile mimba ilipojulikana, kwa mtoto ambaye hakuwa na tabia hiyo, kichunguzwe kama ugonjwa kabla ya kukemewa kama tabia.

Kipimo kinachofaa kwa kazi hii ni kile cha Edinburgh, kilichochapishwa mwaka 1987 kwa ajili ya wazazi, chenye maswali 10 ambayo kwa makusudi hayategemei uchovu wala hamu ya kula. Kila swali lina alama 0 hadi 3, hivyo jumla ya juu ni 30. Anayepata 10 au zaidi aongezewe mazungumzo na afuatiliwe. Anayepata 13 au zaidi huenda ana sonona kamili. Alama si utambuzi wa ugonjwa, ni sababu ya kukaa chini na kuuliza zaidi. Na asisomewe maswali mbele ya mama yake, kwani hapo majibu yote yatakuwa sifuri.

Swali la kumi linauliza kama amewaza kujidhuru. Wahudumu wengi hulikwepa wakihofia kumtia binti wazo ambalo hakuwa nalo. Hofu hiyo haina msingi. Kuuliza kwa upole hakumsukumi mtu kujiua, bali humpa nafasi ya kuutua mzigo. Iulizwe wazi: je, umewahi kutamani usiwepo duniani? Je, umewaza kufanya jambo la kujitoa uhai? Umefikiria kwa njia gani? Akitaja njia aliyoipanga, asiachwe peke yake siku hiyo, mtu mzima anayemwamini aitwe, na rufaa ifanyike. Katika kaya za wakulima swali la nne ni lazima: dawa za kuulia wadudu na magugu zinahifadhiwa wapi? Mara nyingi ziko chini ya kitanda au kwenye kona ya chumba anacholala. Kuzihamishia mahali penye kufuli, au kwa jirani, huokoa maisha, kwa kuwa jaribio la kujiua kwa vijana mara nyingi ni la ghafla, na dakika chache za kukosa sumu karibu hutosha kulipitisha wimbi.

Binti wa mfano huu anapata alama 17. Hajapanga kujidhuru, ila amesema anatamani angelala asiamke. Je, apewe nini?

Asipewe amitriptilini. Jambo hili linastahili kusemwa bila kuzunguka, kwa sababu ndiyo dawa ya sonona inayopatikana kwa urahisi katika vituo vingi, na mkono huiendea upesi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauruhusu dawa za kundi hilo kwa vijana wenye sonona, kwa kuwa haziwasaidii, na mtu akimeza nyingi kwa pamoja huvuruga mapigo ya moyo na kuua. Kumpa karatasi ya vidonge hivyo binti aliyesema anatamani asiamke ni kumkabidhi njia. Fluoksetini inaweza kuanzishwa na daktari mwenye ujuzi kwa kijana ambaye mazungumzo hayakumsaidia, baada ya kupima faida na madhara katika ujauzito, na hilo ni la hospitali ya rufaa. Diazepamu ya kumpa usingizi nayo si tiba ya sonona.

Tiba ya kwanza ni mazungumzo yenye utaratibu, na hapa Afrika Mashariki ina jambo la kujivunia. Mwaka 2002, katika vijiji vya Masaka na Rakai nchini Uganda, watafiti waliuliza kwanza wenyeji wanaiitaje hali hii. Wenyeji wakataja maneno yao, mojawapo likiwa na maana ya kujichukia. Halafu watu wa kawaida wenye elimu ya sekondari, ambao hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia, wakafunzwa kuendesha vikundi vilivyokutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakizungumzia mahusiano ya mgonjwa na watu wake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba waliokaa katika vikundi walipata nafuu kubwa kuliko wasiokaa. Kutokana na kazi hiyo na nyinginezo, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2016 kitabu cha mwongozo chenye vikao 8 tu, ambacho muuguzi wa zahanati anaweza kufunzwa kukitumia. Washiriki wa Uganda walikuwa watu wazima, na hilo lisisahaulike. Lakini msingi wa njia yenyewe unamfaa sana binti mjamzito.

Msingi huo ni huu: sonona huwa na mlango ulioingilia, na mara nyingi mlango huo ni mmoja kati ya minne, yaani msiba, ugomvi na mtu wa karibu, badiliko kubwa la maisha, au upweke. Mhudumu na binti hutafuta mlango uliotumika, kisha vikao vyote hushughulikia huo, si kila kitu. Kwa binti wa Namasakata milango ni miwili: ugomvi na baba, na badiliko la kuwa mzazi akiwa bado mwanafunzi. Kikao cha kwanza humweleza kwamba anaumwa, kwamba ugonjwa una jina na hupona, na kwamba kukosa nguvu ya kusoma si ujinga. Kikao cha pili huchora watu wake: nani yuko karibu, nani amekwenda mbali, nani anaweza kuvutwa. Hapo ndipo shangazi aliyemleta kliniki anapoonekana, na nyuma yake mjomba, kaka wa mama, ambaye katika familia nyingi za Wayao wa kusini neno lake kuhusu watoto wa dada yake lina uzito ambao hata baba huuheshimu.

Vikao vinavyofuata hutumika kufanya mazoezi. Binti hufanya mazoezi ya maneno atakayomwambia mjomba, mhudumu akijifanya ndiye mjomba. Hamwombi amtetee kwa lolote aliloshindwa kulitaja. Anamwomba jambo moja tu, kwamba amwombe baba akubali kuketi naye. Baba anapoketi, binti asitarajiwe kusema mengi. "Baba, nimekosa, lakini bado nataka kusoma," yatosha. Huenda baba asijibu siku hiyo. Akijibu wiki ya pili kwa kuuliza kliniki ni lini, hilo ni jibu kubwa kwa mzee aliyeaibika mbele ya majirani zake. Kazi hii huhitaji muda, na mhudumu asiyeweza kutoa nusu saa kila wiki ni bora aombe mhudumu wa afya ngazi ya jamii afunzwe, kuliko kusema jikaze na kumruhusu aende. Jikaze haijawahi kumponya mtu sonona.

Kuhusu vikundi, pana tahadhari. Katika mji mkubwa kikundi cha wasichana wajawazito hakimfichui mtu. Kijijini kila anayepita humjua kila aliyekaa chini ya mwembe, na kikundi hicho hicho huwa ndicho tangazo. Njia ya kati ni kuwakutanisha siku ya kliniki, ndani ya jengo, kwa jina lisilosema kitu, na kuanza na vikao vya mtu mmoja mmoja kwa aliye dhaifu zaidi.

Halafu ije kalenda. Mhudumu achukue karatasi na kuandika pamoja na binti. Akijifungua katikati ya Agosti, chanjo za mtoto za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zitaangukia mwishoni mwa Septemba, mwishoni mwa Oktoba na kuelekea mwisho wa Novemba. Hizo ni siku tatu ambazo atakuja kituoni kwa vyovyote vile, hata akiwa amekata tamaa ya nafsi yake, kwa sababu mama mdogo huja kwa ajili ya mtoto. Katika kila moja ya siku hizo kipimo cha maswali 10 kirudiwe. Gharama yake ni dakika chache. Mtihani wa upimaji wa kidato cha pili wa Novemba utampita, na aambiwe mapema ili asije akaugundua mwenyewe na kuuhesabu kama ushahidi mwingine wa kushindwa. Shule hufunguliwa Januari. Hapo mtoto atakuwa na wiki 21 hivi, na binti ataingia kidato cha pili tena huku wenzake wakiwa cha tatu.

Jambo la mwisho hilo ndilo linalouma kuliko yote, na watu wazima hulipuuza. Kukaa na walio nyuma yake kwa mwaka mmoja, ambao dada zao wanajua habari yake, ni adhabu ya kila siku asubuhi. Aulizwe mapema, Oktoba isipite, anachokitaka: kurudi shule ileile, kuhamia nyingine kama kuna ndugu wa kukaa naye, au kusoma kwa njia mbadala. Njia hiyo ni ya kweli. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima huendesha masomo ya sekondari nje ya mfumo rasmi, na mwanafunzi huko hufanya Mtihani wa Maarifa mahali pa ule wa kidato cha pili. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi navyo vimewapokea wasichana wazazi pamoja na watoto wao chini ya mpango wa Elimu Haina Mwisho. Isipokuwa njia mbadala isigeuzwe kuwa mahali pa kumficha. Shule inayosema "atafaa zaidi kule" kabla binti mwenyewe hajaulizwa imeshamfukuza kwa adabu.

Kisha kuna maziwa, jambo ambalo katika mikutano ya elimu halitajwi kabisa. Mtoto wa wiki 21 bado anapaswa kunyonya maziwa ya mama pekee, na atafikisha miezi sita katikati ya Februari. Kwa hiyo zipo wiki tano za kuvuka. Maziwa yaliyokamuliwa kwa mikono safi katika kikombe safi chenye kifuniko hukaa salama kivulini kwa muda wa saa nne hivi, na joto la Januari si la kubahatisha zaidi ya hapo. Yakikamuliwa saa 12:30 asubuhi yatumike kabla ya saa 4:30, kwa kikombe, si kwa chupa ya chuchu ambayo ni ngumu kuisafisha. Baada ya saa 4:30 mtoto aletwe kwa mama yake wakati wa mapumziko, au binti aruhusiwe kwenda, kama nyumbani si mbali. Pasipowezekana lolote, basi apate chumba cha kukamulia, hata stoo ya vitabu yenye komeo. Asipokamua, titi litajaa hadi lichuruzike, na shati jeupe la sare likilowa mbele ya darasa la wavulana mara moja, hatarudi kesho yake. Wasichana kadhaa huacha shule kwa shati lile tu, na kwenye daftari huandikwa utoro. Titi likiwa jekundu, la moto na lenye maumivu pamoja na homa, aende kituoni siku hiyo hiyo, aendelee kunyonyesha.

Nani atakaa na mtoto? Jibu la kawaida ni bibi. Lakini Ruvuma ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza kuelekea mwisho wa mwaka na kwisha karibu Aprili, kwa hiyo Januari ndiyo wakati wa kupalilia, na bibi ndiye jembe la familia. Mpango unaomtegemea bibi bila kuuliza shamba utavunjika wiki ya pili. Familia ikae mapema, mjomba akiwepo, iamue nani atabaki nyumbani siku zipi, au kama mtoto atakwenda shambani na kulala chini ya mti na mlezi mdogo. Na binti ahakikishiwe njia ya kupanga uzazi kabla ya Januari; kipandikizi kinaweza kuwekwa hata siku za mwanzo baada ya kujifungua bila kukatisha maziwa. Azungumziwe kama mtu anayepanga masomo yake, kwani akiambiwa kwa sauti ya kumshuku atakikataa.

Kuhusu aliyempa mimba, pana kigugumizi kinachoeleweka. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yameweka kifungo cha hadi miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi ujauzito. Sheria hiyo inalinda, lakini pia hulifanya jina la mwanamume kuwa na bei: familia mbili hukaa usiku, mahari au mbuzi hutajwa, na binti huamriwa anyamaze. Mhudumu asiwe mpelelezi. Aulize mambo mawili akiwa peke yake naye: je, ulilazimishwa, na je, yupo anayekutisha sasa? Jibu likiwa ndiyo, ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi wahusishwe, binti akielezwa kila hatua kabla haijachukuliwa. Simu namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure. Binti aliyelazimishwa hatapona kwa vikao vya kupatana na baba peke yake.

Baada ya kujifungua ziko hali mbili za kutofautisha. Machozi ya siku ya tatu au ya nne ambayo hupita ndani ya wiki mbili hayahitaji dawa. Lakini mzazi ambaye ndani ya majuma hayo ya mwanzo halali kabisa hata mtoto akilala, anasema maneno yasiyofuatana, au anasikia sauti zinazomwamuru jambo juu ya mtoto, huyo ni mgonjwa wa dharura. Asipelekwe kuombewa kwanza ili hospitali ifuate; apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Songea, usiku huo huo, mtoto akiwa mikononi mwa mtu mwingine.

Binti wa mfano huu alipofika kwenye chanjo ya wiki ya 6 alama zake zilikuwa 11, na ya wiki ya 14 zikawa 6. Alichagua shule ileile, kwa sababu rafiki yake mmoja alianza kumletea madaftari tangu Septemba. Tarehe ya kufungua shule iliandikwa kwa kalamu nyuma ya kadi ya mtoto, na chini yake tarehe ya kurudi kituoni, wiki ya pili ya Februari, siku ya Jumamosi ili asikose masomo. Mwalimu wa malezi ana namba ya simu ya muuguzi, na wamekubaliana jambo moja tu: asipoonekana darasani siku tatu mfululizo, simu ipigwe kabla jina halijaandikwa kwenye orodha ya watoro.